Nani Aliukausha Ruaha? Namna ya Kuandika Hoja Inayobishaniwa

Leo nitazungumza na wewe uliye chuoni au kidato cha juu, unayeandaa insha ndefu au ripoti ya utafiti, na mwalimu wako amekurudishia karatasi akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hoja yako kuu ni ipi?" Umeangalia ukurasa wa kwanza, umeona sentensi nzuri zisizo na kosa la sarufi, na hujui anachokitafuta.

Anachokitafuta ni sentensi moja. Ni ile sentensi inayodai jambo, ambalo mtu mwingine mwenye akili timamu na mwenye taarifa zilezile ulizonazo anaweza kulikataa. Insha yote inayofuata ni kazi ya kumshawishi huyo anayekataa. Kama hayupo anayeweza kukataa, hakuna wa kumshawishi, na kurasa kumi na tano zinakuwa maelezo tu.

Kulieleza hili kwa maneno matupu hakumsaidii mtu, kwa hiyo tuchukue jambo la kwetu kabisa, linalotuunganisha watu wa Mbeya na Iringa kuliko hata barabara kuu: maji ya Mto Ruaha Mkuu. Tuseme yupo mwanafunzi wa chuo kimoja pale Iringa, binti aliyekulia Mbarali, na amechagua kuandika kuhusu mto huo. Tutamfuata kutoka sentensi yake ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa kuwa hii ni redio na huwezi kuiona karatasi, kila sentensi nitakusomea polepole.

Kwanza tukumbushane mto wenyewe. Mito midogo inashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha wenyewe. Ndembera nao unakuja kutoka upande wa Iringa. Yote inaingia bonde la Usangu, nchi tambarare ya mpunga na malisho. Chini ya bonde maji yanakusanyika katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, pale Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Hapo pana siri kubwa ya habari yote hii. Ihefu ni kama beseni: maji hayatoki mpaka kina kipande juu ya ukingo. Kikishuka chini ya mwamba hata kidogo, Ihefu inaweza kuwa bado na maji mengi ndani yake, lakini ng'ambo ya pili, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto umekatika. Yanapotoka, maji hupita hifadhini, huenda bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na huko yanazalisha umeme.

Sasa sentensi ya kwanza ya binti yetu. Sikiliza: "Insha hii itajadili suala la kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu."

Hilo ni tangazo. Linatuambia gari linakwenda wapi, halituambii abiria anafuata nini huko. Jaribu kumbishia. Utamwambia, "Hapana, insha yako haitajadili hilo"? Huwezi. Tangazo linampa mwandishi raha ya kujiona ameanza, na ndiyo sababu limejaa katika insha zetu: "nitaelezea", "nitazungumzia", "lengo la kazi hii ni kuchunguza". Mimi simlaumu mwanafunzi anayeliandika katika rasimu ya kwanza. Linamsaidia kujua yuko wapi. Lakini rasimu ya pili lisiwepo, au kama lipo lifuatwe mara moja na dai.

Akalifuta, akaandika la pili: "Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha."

Hapa amepiga hatua. Kuna mwaka, kuna mahali, kuna majira. Ni kweli, na ni ukweli wenye uzito, maana viboko na mamba walikuwa wakibanana katika madimbwi machache yaliyobaki. Lakini ni ukweli. Mwenye kuutilia shaka ataonyeshwa vipimo, na mjadala utaishia hapo. Wanafunzi wengi hodari hukwama hatua hii hasa, kwa kuwa wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba jibu zuri ni jibu la kweli. Kwa hiyo wanapata jambo la kweli, wanaliweka juu ya karatasi, na wanadhani wamemaliza. Ukweli huo ni mahali pa kuanzia. Uulize swali: kwa nini? Kwa nini kuanzia miaka hiyo, wala si miaka ya 1970? Kwa nini kiangazi tu? Jibu la "kwa nini" ndilo linaloanza kuleta ubishi.

Akajiuliza kwa nini, akaandika la tatu: "Mto Ruaha Mkuu umekauka kutokana na sababu mbalimbali zikiwemo ufugaji, kilimo, ukataji miti na mabadiliko ya tabianchi."

Msikilizaji, hapa nataka tukae kidogo, maana hii ndiyo sentensi inayoandikwa kuliko zote nchini kwetu. Inatoka katika mtindo wa mtihani: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kila hoja ina alama zake, kwa hiyo kadiri unavyotaja nyingi ndivyo unavyokuwa salama. Mtindo huo una kazi yake kwenye chumba cha mtihani. Katika utafiti unaua fikra. Neno "mbalimbali" limemwondolea mwandishi wajibu wa kuchagua. Yule anayesema ni ng'ombe atasoma na kutikisa kichwa kukubali, anayesema ni mpunga atakubali, anayesema ni mvua atakubali pia. Wote watatu hawawezi kuwa sahihi kwa kiwango kimoja, na kazi ya mwandishi ilikuwa kutuambia ni yupi ana uzito zaidi na kwa ushahidi gani.

Na katika habari hii ya Ruaha, kuchagua hakukuwa jambo la karatasi tu. Serikali ilichagua. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitoa ahadi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ukame ulikuwa mkali, Mtera ikapungua, umeme ukawa wa mgao nchi nzima. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na Ihefu. Wasukuma, Wamasai, Wataturu na wengine, na makundi makubwa ya ng'ombe, wakasafiri mpaka Pwani na Lindi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Yaani palikuwepo dai nyuma ya hatua hiyo: mifugo ndiyo inayoukausha mto. Dai hilo lina sifa moja ninayoitaka kwa mwanafunzi, kwamba linabishika. Na lilibishiwa.

Watafiti waliokuwa Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mradi uliojulikana kama SMUWC, na baadaye katika mradi wa RIPARWIN ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipima maji na kufika kwingine. Walisema kukatika kwa mto kiangazi kunatokana zaidi na uchotaji wa maji ya umwagiliaji, na kwamba mifugo haikuwa sababu kuu. Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji, na Martin Walsh, mwanaanthropolojia, waliandika sana kuhusu hili. Kwa hiyo binti yetu anaingia mahali penye pande mbili hai. Hapo ndipo hoja kuu inapozaliwa, mahali ambapo watu makini wanatofautiana na sababu za kutofautiana kwao zinaweza kukaguliwa.

Akaandika la nne: "Kilimo cha mpunga ndicho kilichoukausha Mto Ruaha Mkuu, si ng'ombe."

Tumefika kwenye dai. Sasa lipimwe. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtafute mpinzani wako, mkalishe mbele yako, umuulize ataelekeza kidole kwenye nini. Usimchukue mpinzani mjinga. Chukua mkulima mzee wa mpunga pale Igurusi, aliyelima miaka yote hiyo. Atakuambia hivi: "Mwanangu, mpunga wangu mimi naotesha kwa mvua. Masika maji yamejaa mpaka yanavunja kingo za majaruba. Mwezi wa sita nimevuna. Mto unakatika mwezi wa kumi, shambani kwangu hakuna hata shina moja la mpunga. Nimeukaushaje?"

Ona uzuri wa kumpata mpinzani wa namna hii. Swali lake limegundua tundu. Sentensi ya nne inasema "mpunga" kwa jumla, na mpunga kwa jumla ni zao la masika, wakati mto unakatika kiangazi. Dai likibaki hivyo, mkulima wetu anashinda. Mwandishi mwoga atarudi kwenye "sababu mbalimbali". Mwandishi anayejua kazi atauliza: maji ya kiangazi yanakwenda wapi basi, kama shambani hamna mpunga?

Na hapa inabidi uwe umetembea Usangu, au umesoma kazi za waliotembea. Maji ya skimu yanaingia kwa banio, yaani kizuizi kinachowekwa mtoni kuyageuza maji yaingie mfereji. Banio la zamani lilitengenezwa kwa miti, mawe, majani na udongo. Lilivuja. Liligeuza sehemu ya maji, sehemu nyingine ikapita katikati ya fito na kwenda zake chini, na mvua kubwa ikija inalibeba lote, watu wanalijenga upya. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya mpunga yalipojengwa, kwanza Mbarali na baadaye Kapunga, na kisha skimu za wakulima wadogo zilipoboreshwa, yakaja mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Zege halivuji. Kiangazi, mto unapokuwa mwembamba, banio la namna hiyo lina uwezo wa kuugeuza mto wote ukaingia mfereji. Na malango hayafungwi baada ya mavuno, kwa kuwa vijiji kando ya mifereji vinatumia maji hayohayo kunywa, kuoga, kunywesha mifugo, kufyatua matofali na kumwagilia bustani. Mengine yanaishia kwenye majaruba yasiyo na kitu, yanakauka kwa jua. Kisha mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla mvua haijakaa sawa, wengine wanaanza vitalu na kulainisha ardhi mapema ili wauze mpunga wakati bei ni nzuri.

Basi mkulima wetu alikuwa na haki kwa upande mmoja: si mpunga uliokunywa maji ya mwezi wa kumi. Lakini ni miundombinu ya mpunga iliyoyachukua. Hilo ni dai jingine kabisa, na lisingepatikana bila yeye kubisha.

Sentensi ya tano, basi. Ni ndefu kidogo, nisikilize: "Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi hasa kwa sababu mabanio ya zege yaliyojengwa Usangu yaliwezesha kugeuza karibu maji yote ya mto kuingia mifereji nje ya msimu wa mpunga, uwezo ambao mabanio ya zamani ya miti na mawe hayakuwa nao, na unywaji wa mifugo ni mdogo mno kuweza kueleza upungufu huo."

Hebu tuhesabu kitu kimoja katika sentensi hiyo, ili uone dai linavyosimama kwa miguu. Sehemu ya mwisho inasema unywaji wa mifugo ni mdogo. Je, ni kweli? Chukua ng'ombe 300,000, idadi ninayoichagua mimi kwa makusudi kuwa kubwa. Mpe kila mmoja lita 40 kwa siku, kiasi cha ng'ombe mwenye kiu ya kiangazi. Unapata lita milioni 12 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya, na jibu ni kama lita 140 kwa sekunde. Sasa simama kwenye mfereji mkuu wa skimu kubwa ya umwagiliaji. Mifereji ya namna hiyo hujengwa ibebe lita elfu kadhaa kwa sekunde. Hata mfereji wa wastani wa lita 1,000 kwa sekunde unachukua mara saba ya wanachokunywa ng'ombe wote hao. Hesabu ya darasa la saba, na imetosha kuonyesha dai la "ng'ombe wameunywa mto" lina mzigo mzito wa kubeba.

Lakini mkalishe tena mpinzani, safari hii awe ofisa wa wanyamapori aliyeshuhudia mto ukifa. Atasema: "Sijasema ng'ombe wanaunywa mto. Nimesema wanakanyaga Ihefu, wanakula majani yanayoshikilia udongo, ardhi inakuwa ngumu, tope linajaa, na uwezo wa ardhioevu kushika maji na kuyaachia polepole unapotea." Hilo ni jibu la maana, na hesabu yetu ya lita 140 hailigusi hata kidogo. Kwa hiyo binti yetu ana njia mbili. Moja, afute maneno "unywaji wa mifugo" na akabili kwato na malisho, jambo litakalomhitaji ushahidi mwingine kabisa. Mbili, abaki na unywaji, lakini akubali waziwazi ndani ya insha kwamba hakugusa uharibifu wa ardhioevu. Asichoruhusiwa ni kutumia hesabu ya unywaji na kuandika kana kwamba ameisafisha mifugo kwa kila tuhuma. Walimu wanaosahihisha wanaliona kosa hilo haraka: dai ni pana, ushahidi ni mwembamba.

Kuna ushahidi mmoja ambao wanafunzi wengi wanaurukia, na nataka niuseme kwa uangalifu. Wafugaji waliondolewa 2006 na 2007. Miaka iliyofuata, mto uliendelea kukatika kiangazi. Moyo unataka kusema: mnaona, ng'ombe hawapo na mto bado unakatika, kesi imekwisha. Kesi haijaisha. Ng'ombe walipoondoka, kilimo hakikusimama, na mpunga uliendelea kupanuka. Mpinzani anaweza kusema ardhioevu iliyokanyagwa miaka ishirini haiponi kwa miaka miwili. Ushahidi huo unadhoofisha dai la mifugo, haulivunji. Neno "unadhoofisha" katika insha lina heshima yake. Lichague pale ambapo ndilo linalostahili, na mwalimu wako atakuamini utakaposema "unavunja" mahali pengine.

Nigusie aina mbili za sentensi ambazo binti yetu alizikwepa, na wengine hawazikwepi. Ya kwanza ni wito: "Ni lazima sote tutunze vyanzo vya maji kwa ajili ya kizazi kijacho." Nani atapinga? Wito hauna mpinzani, na hoja isiyo na mpinzani haina kazi. Ukitaka kuugeuza kuwa hoja, sema nani atunze, kwa kuacha nini, na nani atapata hasara. "Malango ya mabanio ya Usangu yafungwe kuanzia Julai hadi Novemba, hata kama vijiji vitahitaji visima vipya vya maji ya kunywa." Hapo utapata wapinzani usiku uleule, na wengi wao watakuwa na sababu nzuri. Ya pili ni sentensi ya "kama": "Kama mabanio ya zege yasingejengwa, Ruaha usingekauka kamwe." Inabishaniwa, lakini haikaguliki, maana hatuna Usangu nyingine isiyo na zege ya kulinganisha nayo. Mabishano yake hayana mahali pa kuishia.

Turudi Mtera, maana hapo ndipo wasikilizaji wengi wa Iringa mnaguswa. Ulipokuwa mgao wa umeme, dai lililoenea lilikuwa hili: "Kukauka kwa Ruaha kiangazi ndiko kunakoacha Mtera bila maji." Linasikika kama ndugu wa sentensi ya tano. Wengi huziandika pamoja katika aya moja kana kwamba ukithibitisha moja umethibitisha ya pili. Hazifanani. Maji yanayojaza bwawa kama Mtera huingia kwa wingi wakati wa masika, mto ukiwa umefura, na Mtera inapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi, ambayo ndiyo yanayohusika na kukatika kwa mto hifadhini, ni sehemu ndogo ya kinachoingia bwawani kwa mwaka. Kiboko wa Msembe, ndani ya hifadhi, anakufa kwa kukosa maji machache ya Oktoba. Bwawa halijai kwa machache hayo. Watafiti waliolitazama jambo hili walisisitiza zaidi mvua za mwaka husika na namna maji ya bwawa yanavyoachiwa kwenda kwenye mitambo. Kwa hiyo neno "kiangazi" lililo ndani ya sentensi ya tano lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Ukiliondoa, hoja inateleza kutoka wanyama wa Ruaha mpaka taa za Dar es Salaam, na wafugaji wa Ihefu wanabebeshwa giza la nchi nzima.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Familia za wafugaji zilizohama miaka ile zilihamishwa katika mazungumzo ambamo "mto", "bwawa", "kiangazi" na "mwaka mzima" vilichanganywa katika sentensi moja. Mtu mmoja mwenye karatasi nzuri angeweza kuuliza: mnazungumzia maji ya mwezi gani? Watafiti waliuliza, na waliandika. Nataka wanafunzi wetu wa Mbeya na Iringa waweze kuuliza hivyo wakiwa bado chuoni.

Nimalizie na kazi iliyobaki kwa binti yetu, maana sentensi ya tano bado ni dai, haijawa matokeo. Iringa mjini pana ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kazi ya binti yetu ni kuomba pale rekodi za vipimo vya mto pale Msembe, ndani ya hifadhi, kwa miezi ya Julai hadi Desemba, mwaka kwa mwaka. Pembeni aweke mwaka ambao kila banio kubwa la zege lilianza kutumika katika mito inayoingia Usangu. Dai lake linasema mtiririko wa kiangazi utaonekana ukishuka kwa ngazi kadiri mabanio hayo yalivyoongezeka, hata katika miaka ambayo mvua ya masika iliyotangulia ilikuwa nzuri. Akikuta kwamba mtiririko wa kiangazi ulipungua polepole tu kufuata mvua, na miaka ya mabanio haionyeshi ngazi yoyote, basi sentensi ya tano imeanguka, na aiandike ya sita. Akikuta ngazi, aende Igurusi na karatasi mkononi, amtafute yule mkulima mzee, amwombe abishe tena.